Namba Nasibu Inavyogeuka Muda wa Kusubiri

Kompyuta ikiombwa namba nasibu, kwa kawaida hutoa namba kati ya 0 na 1, na kila sehemu ya nafasi hiyo ina uwezekano sawa wa kuangukiwa. Muda unaopita kati ya mteja mmoja na anayemfuata katika duka la dawa hauko hivyo: mara nyingi wateja hufuatana upesi, na mara chache kitambo kirefu hupita bila mtu kuingia. Ikiwa wateja huja bila kutegemeana, na kasi yao ya kuja haibadiliki, muda huo hufuata mgawanyo wa kipeo.

Katika mgawanyo huo, uwezekano kwamba mteja atafika kabla ya dakika t kwisha ni:

```
F(t) = 1 − e^(−t/m)
```

Hapa m ni wastani wa muda wa kusubiri. Ukichorwa, mstari wa F huanzia 0, hupanda kwa kasi, kisha hulala taratibu ukikaribia 1. Njia yenyewe ni kuisoma grafu hiyo kinyumenyume: namba nasibu U huwekwa kwenye mhimili wa wima, kisha muda T husomwa kwenye mhimili wa ulalo. Kwa kuwa mstari haurudi chini, T haizidi t pale tu U isipozidi F(t), na uwezekano wa hilo ni F(t) yenyewe. Kwa hesabu:

```
T = −m × ln(1 − U)
```

Tuseme wastani ni dakika 4. U ikiwa 0.10, T ni dakika 0.42, yaani sekunde 25 hivi. U ikiwa 0.50, T ni dakika 2.77, ikiwa 0.95, T hufika 11.98. Kwa hiyo nusu ya wateja huja kabla ya dakika 2.77, ingawa wastani ni 4: vitambo vichache virefu ndivyo vinavyoupandisha.

Katika Python:

```python
import math, random
T = -4 * math.log(1 - random.random())
```

`random.random()` huweza kutoa 0 lakini haitoi 1. Ndiyo maana 1 − U hutumika: U peke yake ingeleta mgawanyo uleule, lakini ikitokea 0 logarithi hushindikana na programu husimama.

Kosa la kawaida zaidi ni kuchanganya wastani na kasi. Amri ya `random.expovariate` hupokea kasi, yaani 1/4 kwa dakika. Ikipewa 4, wastani huwa dakika 0.25, pungufu mara 16. Kosa hilo hugunduliwa kwa kuzalisha vipindi 10,000: wastani wake uwe karibu na 4, na takriban asilimia 37 vizidi dakika 4.

Ikiwa wateja huongezeka jioni, m moja haitoshi kwa siku nzima, kwa sababu kasi imebadilika.