Mibofyo ya Saa Tisa Usiku

"Kaka, ni yule jirani tu," aliniambia dada mmoja anayeuza mapazia Kariakoo. "Anakaa dukani kwake anabofya tangazo langu mpaka pesa yangu inaisha."

Alikuwa ametenga shilingi 20,000 kwa siku kwenye Google Ads. Wiki hiyo ripoti ilimwonyesha mibofyo 497 na shilingi 140,000 zilizokwenda, lakini wateja waliomwandikia WhatsApp walikuwa 9 tu.

Washindani wanaobofyana wapo kweli. Ila jirani mwenye simu moja hukamatwa upesi, kwa sababu Google huchuja mibofyo inayojirudia kabla ya kumtoza mwenye tangazo. Tuliongeza kwenye ripoti safu iitwayo Invalid clicks, ikatuonyesha 31. Hiyo hakutozwa. Wala haimo kwenye ile 497, ambayo ndiyo iliyopita kwenye chujio na kulipiwa. Swali letu lilikuwa nini kilichojificha humo.

Tukaigawa ripoti kwa mtandao: Segment, kisha Network. Hapo mambo yakaanza kujieleza. Mibofyo 58 ilitoka kwa watu walioandika maneno kama "mapazia Kariakoo" kwenye ukurasa wa utafutaji, nayo iligharimu shilingi 52,200. Mingine 439, ya shilingi 87,800, ilitoka Display, yaani tovuti na programu za simu zinazopangisha nafasi za matangazo. Tuliwauliza wale wateja 9 mmoja mmoja walimpataje, na wote walisema walikuwa wanatafuta mapazia.

Ripoti ya Where ads showed inataja hizo tovuti na programu kwa majina. Programu tatu, michezo miwili na tochi ya simu, zilibeba mibofyo 310. Kwenye mmoja wa michezo hiyo, kila mara 100 tangazo lilipoonekana, lilibofywa mara 11. Tangazo la picha kwa kawaida halifikishi hata mbofyo mmoja kwa mia. Mwenye programu hulipwa fungu la pesa za matangazo, kwa hiyo anayefaidika ni yeye, si jirani wa mtaa wa pili.

Hata hivyo, wingi peke yake hauthibitishi wizi. Mtoto aliyeachiwa simu ya mama hugusa kila kinachong'aa, na kitufe cha kufunga tangazo kinaweza kuwa kidogo kuliko kidole. Ndiyo maana tukatazama saa. Mibofyo ya utafutaji ililala usiku na kuamka asubuhi, kama wakazi wa Dar. Ya ile programu ya tochi ilikuwa sawasawa saa nane mchana na saa tisa usiku. Hakuna mtoto anayecheza hivyo. (Kabla ya kusoma saa, hakikisha akaunti inafuata saa za Dar es Salaam, la sivyo utamtuhumu mtu kwa mchana wake.)

Dawa ya kwanza ilikuwa kuondoa tiki moja. Kampeni ya utafutaji huweza kuruhusiwa kutumia Display pia, na yeye aliiacha tiki hiyo bila kujua maana yake. Ya pili ilikuwa kwenye mahali. Chaguo la Presence or interest hukubali hata mtu aliye nje ya nchi anayesoma habari za Tanzania. Tukaweka Presence, tangazo liende kwa walio hapa au wanaokaa hapa mara kwa mara.

Alitaka pia kuzuia anwani za IP. Google inaruhusu, lakini nilimsihi asikimbilie huko. Kampuni za simu huwapitisha wateja wengi kwenye anwani moja, kwa hiyo ukimfungia mmoja unaweza kuwa umewafungia wanunuzi wako pia.

Jambo ambalo lingemuumiza zaidi ni kitufe chake cha WhatsApp. Kila kilipoguswa kilihesabiwa kuwa mteja, na Google hutumia hesabu hiyo kuamua itafute watu wa aina gani. Roboti nayo hugusa kitufe. Ukiiita mteja, mfumo utakuletea ndugu zake. Sasa anaandika kwenye daftari mazungumzo ya kweli tu, yenye vipimo vya dirisha na bei, na kila Jumamosi tunalinganisha daftari na ripoti. Kwa mibofyo iliyokwishalipiwa, Google ina fomu ya kuomba uchunguzi. Tuliijaza tukiambatanisha tarehe, saa na majina ya zile programu. Pesa ikirudi huonekana kwenye malipo kama Invalid activity, lakini si kila dai hukubaliwa.

Wiki iliyofuata mibofyo ilishuka hadi 131, akanipigia akiwa na hofu kwamba tangazo limekufa. Nikamwomba afungue daftari. Gharama ilikuwa shilingi 117,900, na walioandika kuulizia mapazia walikuwa 19.