Runinga inapojiwasha usiku wa manane, tazama imeandika HDMI ngapi

Saa nane usiku sebule inang'aa, sauti inasikika hadi chumbani na mtoto ameamka. Rimoti iko mezani, hakuna aliyeigusa. Ndipo wengine huanza kusema nyumba ina majini. Mara nyingi chanzo ni waya wa HDMI.

Mbali na picha na sauti, waya huo hubeba amri ndogo kati ya vifaa, kwa utaratibu uitwao CEC. Kifaa kikiamka, kinaweza kuiambia runinga iwake na ihamie kwake. Ndiyo maana pia tamthilia inaweza kukatika ghafla na gemu likatokea kwenye kioo.

Chukua nyumba yenye king'amuzi kwenye HDMI 1 na PlayStation kwenye HDMI 2. Mtoto ameacha kidhibiti cha gemu kwenye kochi, na gemu halikuzimwa kabisa, limelazwa tu. Mtu akikaa juu ya kidhibiti, kitufe cha katikati kikibonyea, gemu linaamka na runinga inawaka.

Kumjua mhusika si kazi. Runinga ikijiwasha, usikimbilie kuizima. Soma kwanza jina la HDMI iliyo kwenye kioo. Chomoa waya huo usiku mbili tatu. Ikitulia, umempata. Ikiendelea, kagua saa ya kujiwasha kwenye menyu na vitufe vya rimoti vilivyonasa. Ikiwaka pale tu umeme unaporudi baada ya kukatika, huenda hiyo si CEC. Izime kwenye swichi ya ukutani kabla ya kulala.

Ukishajua ni gemu, zima amri hizo kwenye gemu lenyewe. Kwa PlayStation 5 fungua Settings, System, HDMI, kisha ondoa alama kwenye Enable One-Touch Play. Runinga haitawashwa tena na gemu, na vifaa vingine vitabaki kama vilivyokuwa.

Njia ya pili ni kuzima CEC kwenye runinga. Ugumu ni kwamba kila kampuni imeipa jina lake: Samsung huiita Anynet+, LG huiita SIMPLINK, Sony huiita BRAVIA Sync. Itafute kwenye mipangilio, sehemu ya vifaa vya nje au ya HDMI. Lakini kama una spika ndefu iliyounganishwa kwa HDMI, huenda ikanyamaza au rimoti ya runinga ikashindwa kuiongezea sauti. Hapo rudisha CEC, uzime kwenye kifaa kimoja tu.

Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji kulala saa 9 hadi 12 kwa siku. Anayeamka saa kumi na moja kuwahi basi la shule, akiamshwa saa nane na runinga, usingizi uliobaki hautoshi kufidia. Ukiona anasinzia darasani, ulizia pia sebule yenu huwa kimya usiku kucha.