Shatafu Hufungwa Ukutani

Jirani yangu hapa Msamvu aliamka alfajiri akakuta maji ya chooni yamefika kwenye zulia la sebuleni. Shatafu yake haikuwa imemaliza mwaka. Kichwa kilikuwa kimetundikwa mahali pake, hakidondoshi hata tone. Kilichopasuka ni mpira, karibu na nati ya juu.

Ule mpira unaong'aa si wa chuma. Chuma ni ganda tu. Ndani yake kuna mpira mwembamba, na kitufe unachokibonyeza kipo mwisho kabisa wa safari ya maji. Ukikiachia, maji hayatoki, lakini yanaendelea kuusukuma mpira kwa ndani. Mchana, mtaa mzima ukifua na kuosha vyombo, msukumo wa maji ya idara hupungua. Usiku watu wakilala, unapanda. Na pale maji yaliyokatika yanaporudi ghafla, mpira hupigwa dafrao. Ndiyo maana shatafu huwekewa engovalvu: unaifungua, unachamba, unaifunga, kisha unabonyeza kitufe mara moja ili maji yaliyobaki yatoke na mpira ulale bila mzigo.

Nilimuuliza jirani kwa nini hawaifungi. Jibu lake lilinifungua macho. Fundi alimwekea engovalvu ya midomo miwili yenye kishikio kimoja, mdomo mmoja ukienda kwenye shatafu na mwingine kwenye tangi la flashi. Ukiifunga, choo nacho hakijai maji. Nani ataifunga? Tulimwekea yenye vishikio viwili, kila mdomo na chake. Ukiwa dukani, zungusha vishikio mwenyewe kabla ya kulipa. Ile inayofunga kwa robo mzunguko ni bora kuliko ya kuzungusha mara nyingi, kwa sababu hata mtoto huona kwa jicho kama imefungwa.

Kuifunga ukutani kwenyewe si kazi ya siku nzima. Funga koki kuu, ng'oa engovalvu ya zamani, kisha weka ndoo chini ya tundu na ufungulie koki kidogo ili maji yatoke bure. Maji yetu yanatoka Bwawa la Mindu na vijito vya Uluguru, na msimu wa mvua huja na tope. Chembe moja ya mchanga ikikwama ndani ya valvu mpya, haitafunga sawasawa tena.

Uzi wa valvu unaoingia ukutani ni wa nusu inchi. Uzungushie tepu nyeupe kwa kufuata mkondo wa kukazia, mizunguko minane hadi kumi, ukiivuta ilale ndani ya uzi. Ukizungusha kinyume, tepu itajikunja na kutoka wakati unakaza. Kwenye nati za mpira usiweke tepu kabisa. Pale kinachozuia maji ni washa iliyomo ndani ya nati, na tepu humfanya mtu adhani amekaza kumbe washa haijabanwa. Hakikisha washa imo, kaza kwa mkono, kisha ongeza robo mzunguko kwa spana. Anayekaza kwa hasira huikata washa.

Kishikio cha kutundikia kichwa kiwe upande wa mkono unaoutumia, na juu kiasi kwamba kichwa kikining'inia hakifiki ndani ya bakuli la choo. Sentimita 60 hivi kutoka sakafuni hutosha kwa choo cha kukaa. Hili si la urembo. Maji ya idara yakikatika, bomba linaweza kunyonya kurudi nyuma, na kichwa kilichozama kwenye maji machafu huku valvu iko wazi na kitufe kimekwama kitayapeleka machafu hayo kwenye bomba lile lile linalopeleka maji jikoni. Usitoboe wima juu ya valvu, maana bomba lililofukiwa mara nyingi limepandia hapo hapo. Sogea pembeni kama kiganja, bandika gundi ya karatasi juu ya marumaru ili ncha ya drili isiteleze, na uzime nyundo ya drili mpaka marumaru itoboke.

Ukimaliza, fungua koki kuu na valvu, acha kitufe, kaa robo saa. Kisha pitisha karatasi kavu ya chooni kwenye kila kiungo, kwa sababu karatasi huona unyevu ambao kidole hakiusikii. Unyevu ukiwa pale valvu inapoingia ukutani, ni tepu: fungua yote uanze upya, wala usiirudishe valvu nyuma kidogo ili ikae sawa, tepu iliyokwisha kubanwa haivumilii. Ukiwa kwenye nati, angalia washa. Na ukiona mpira umefura karibu na nati, au ganda la chuma limeanza kuachana, badilisha mpira siku hiyo hiyo.