Wasemaji saba, mstari mmoja

Hadi Juni 2024, mtihani wa LSAT wa kuingia vyuo vya sheria Marekani na Kanada ulikuwa na sehemu ya michezo ya mantiki: michezo minne kwa dakika 35. Tangu Agosti mwaka huo sehemu hiyo imeondolewa, ila maswali ya kupanga watu kwa zamu bado yapo kwenye mitihani mingine, kama ile ya ajira za benki nchini India.

Tuchukue mfano. Asha, Bakari, Chausiku, Daudi, Eliza, Fatuma na Gervas watahutubia mmoja mmoja. Gervas ni wa nne. Chausiku anamfuata Bakari papo hapo. Kati ya Daudi na Eliza wapo watu wawili kamili. Fatuma anamtangulia Bakari.

Chora nafasi saba, kisha anza na sharti lisilosogea: G kwenye 4. BC iandike kama kipande kimoja kinachohitaji nafasi mbili zinazopakana. Kwenye pengo ndipo wengi huteleza. Watu wawili katikati maana yake ni tofauti ya nafasi tatu, si mbili. Tena sharti halikusema nani atangulie kati ya Daudi na Eliza, kwa hiyo usijaze pengo hilo kwa herufi moja moja. Andika D/E upande mmoja na E/D upande wa pili.

Pengo hilo lingeweza kukaa 1 na 4, 2 na 5, 3 na 6, au 4 na 7. Gervas ameshika 4, basi zinabaki mbili za katikati. Tukijaribu 3 na 6, zinabaki wazi 1, 2, 5 na 7. BC itaingia 1 na 2 tu, na hapo Fatuma hana pa kumtangulia Bakari. Njia hiyo imekufa, ifute. Kwenye 2 na 5, zinabaki 1, 3, 6 na 7, na BC haina pengine ila 6 na 7. Asha, ambaye hakutajwa na sharti lolote, anagawana na Fatuma nafasi zilizosalia:

```
 1    2    3    4    5    6    7
F/A  D/E  A/F   G   E/D   B    C
```

Mistari ya mkwaju humaanisha chaguo: akikaa mmoja, mwenzake anakwenda upande wa pili. Jozi mbili hazigusani, kwa hiyo mipangilio ni minne tu.

Mimi ninaona kuwa muda unafaa kutumika hapa, kabla ya kusoma swali lolote. Swali likiuliza nani lazima awe wa sita, jibu limeshaandikwa. Likisema "ikiwa Eliza ni wa pili", nakili mstari chini yake na ujaze humo: Daudi anakuwa wa tano, huku Asha na Fatuma wakibaki bila kuamuliwa. Usiandike hayo juu ya mchoro mkuu, kwani sharti la swali hilo linaisha na swali lenyewe, nalo likisalia pale litaharibu majibu ya maswali yanayofuata.