Barua ya Shukrani kwa Daktari Mwarabu

Mgonjwa wa Unguja aliyepasuliwa goti Maskati anaweza kumwandikia daktari wake hivi: “Asalaam alaykum, daktari. Goti sasa linakunjika, nimerudi kusali kwa kusujudu. Tislam idik. Jazakillahu kheri.”

Tislam idik ni dua ya kuiombea mikono yake salama, na kwa mpasuaji inakaa mahali pake hasa. Wengi hukosea mwishoni mwa maneno: huyu ni mwanamke, ndiyo maana tumeandika idik na jazakillahu. Mwanamume huambiwa idak na jazakallahu. Kwa daktari Mkristo, tuseme Mkopti wa Misri, shukran jazilan yatosha. Hilo goti linalokunjika lisiachwe; daktari atafurahi kulisikia kuliko sifa tupu.