Faida Tatu katika Ukurasa Mmoja

Chukua kampuni ya kuoka mikate mjini Morogoro, ya kubuni tu kwa ajili ya hesabu. Mwaka mzima imeuza mikate ya shilingi milioni 120, na mwishoni imebaki na faida ya milioni 4.2. Mwenyewe anataka kupandisha bei ya mkate. Kabla hajafanya hivyo, asome taarifa yake ya mapato kuanzia juu.

Mstari wa kwanza ni mauzo. Chini yake huja gharama ya bidhaa zilizouzwa, yaani kile kilichoingia kwenye mkate wenyewe. Alianza mwaka na unga na malighafi nyingine za milioni 5 stoo, akanunua za milioni 60, akafunga mwaka na za milioni 8. Zilizotumika ni milioni 57. Ongeza milioni 23 za mishahara ya waokaji na nishati ya tanuri, jumla inakuwa milioni 80. Faida ghafi ni milioni 40, theluthi ya mauzo.

Hapa ndipo makosa mengi hutokea. Mishahara ya waokaji ikishushwa kwenye gharama za ofisi, faida ghafi inavimba na mkate unaonekana una faida kuliko ulivyo. Stoo ya mwisho ikikadiriwa juu kwa milioni 2, faida ghafi inapanda kwa milioni hizo hizo bila mkate mmoja kuuzwa. Ukiona uwiano wa faida ghafi umeruka ghafla ilhali bei ya mkate na ya unga hazijabadilika, omba karatasi za kuhesabia stoo.

Kisha hutolewa gharama za uendeshaji: pango, wauzaji, usafirishaji, na uchakavu wa tanuri. Tanuri lilinunuliwa kwa milioni 20 litumike miaka mitano, hivyo kila mwaka hubeba milioni 4. Jumla ni milioni 26, na faida ya uendeshaji ni milioni 14. Huu ndio mstari ninaoutazama kwanza, kwa sababu unaipima biashara kabla ya kuuliza mtaji ulitoka wapi.

Halafu benki: riba ya milioni 8. Inabaki milioni 6, na kodi ya kampuni ya asilimia 30 inachukua milioni 1.8. Ndiyo hiyo milioni 4.2, faida halisi.

Kwa hiyo bei ya mkate haina hatia. Riba peke yake imekula zaidi ya nusu ya faida ya uendeshaji, na mazungumzo yanayohitajika ni ya masharti ya mkopo. Tena rejesho la mkopo wenyewe, tofauti na riba, halionekani popote kwenye ukurasa huu, kwa kuwa kulipa deni si gharama. Akirejesha milioni 5 kwa mwaka, lazima azitafute kwenye taarifa ya mtiririko wa fedha.