Balbu Ngapi Zikaguliwe?

Stoo nyingi zina desturi ya kukagua sehemu moja ya kumi ya kila mzigo unaopokelewa. Zikija balbu 50 zinawashwa 5, zikija 1,000 zinawashwa 100. Inaonekana ni haki, kwa sababu kila mzigo unapimwa kwa uwiano uleule, lakini ulinzi anaoupata mnunuzi haufanani hata kidogo. Tuseme kila mzigo una balbu mbovu 4 katika kila 100, na mpokeaji anakataa mzigo akikuta hata moja mbovu. Mzigo wa balbu 50 utapita mara 81 hivi katika kila ukaguzi 100. Wa balbu 200 utapita kama mara 42, na wa 1,000 utapita mara moja tu au mbili. Ubovu ni uleule, ila anayeleta kidogo kidogo ananusurika na anayeleta kwa wingi anarudishwa.

Kinachomlinda mnunuzi ni idadi ya vitu vilivyopimwa, wala si asilimia yake ndani ya mzigo. Maadamu sampuli ni sehemu ndogo ya mzigo, balbu 125 zilizochukuliwa katika 2,000 zinaeleza karibu sawasawa na 125 zilizochukuliwa katika 20,000.

Harold Dodge na Harry Romig wa Maabara za Bell, Marekani, waliijengea hoja hiyo hesabu kamili tangu miaka ya 1920. Leo majedwali yanayotumika sana ni ya kiwango cha kimataifa ISO 2859-1. Mtumiaji anahitaji kujua mambo mawili kabla ya kuyafungua: ukubwa wa mzigo, na kiasi cha ubovu ambacho pande zote mbili zimekubaliana kuvumilia. Hilo la pili ndilo gumu, na liandikwe kwenye mkataba kabla mzigo haujafika. Likiachwa hadi siku ya mapokezi, linageuka ugomvi mlangoni.

Tuseme hospitali imeagiza balbu 2,000 na kukubaliana na mzabuni kuvumilia balbu 1 mbovu katika 100. Kwa ukaguzi wa kawaida jedwali linatoa sampuli ya balbu 125: zikipatikana mbovu 3 au pungufu mzigo unapokelewa, zikifika 4 unakataliwa. Mzigo wenye ubovu wa asilimia 1 utapita mara 96 hivi katika 100, kwa hiyo mzabuni mwaminifu hana cha kuogopa. Wenye ubovu wa asilimia 5 utapita kama mara 12. Katikati ndipo penye utata, kwani mzigo wenye asilimia 3 una nafasi karibu nusu kwa nusu. Anayeona hatari hiyo ni kubwa mno hana budi kuongeza sampuli au kupunguza kiwango cha kuvumilia, na vyote viwili vina gharama.

Hesabu hizo zinasimama pale tu kila balbu inapokuwa na nafasi sawa ya kuchaguliwa. Kama mzigo umekuja katika katoni 40 za balbu 50, zichukuliwe balbu 3 kila katoni, zinakuwa 120, kisha 5 zilizobaki zitoke katika katoni tano zilizopigiwa kura. Ndani ya katoni, nafasi nazo zipigiwe kura, zisiwe za juu tu. Mkaguzi anayemaliza kazi kwenye katoni mbili za karibu na mlango amezikagua hizo katoni mbili. Zile 38 hajaziona.

Kosa jingine hutokea baada ya matokeo. Zimepatikana mbovu 4, mzabuni analalamika, na sampuli nyingine ya 125 inachukuliwa "kuhakikisha". Mzigo wa asilimia 5 uliokuwa na nafasi 12 katika 100 sasa unapata nafasi kama 23, maana unapita kwa ukaguzi wowote kati ya miwili. Sampuli ya pili ni halali ikiwa ilipangwa tangu mwanzo kwa jedwali lake lenyewe.

Vipimo vinavyoharibu kitu, kama kuwasha balbu mpaka iungue ili kujua umri wake, haviwezi kubeba sampuli ya 125. Majedwali yana viwango maalumu vya ukaguzi kwa ajili hiyo, na kimojawapo kinatoa balbu 13 kwa mzigo huohuo wa 2,000, bila kuruhusu hata moja ishindwe. Bei yake inaonekana wazi: mzigo wenye ubovu wa asilimia 5 utapita karibu nusu ya mara zote.

Kwa mzabuni anayeleta mara kwa mara, kiwango hicho kinaangalia pia mwenendo. Mizigo miwili ikikataliwa ndani ya mitano mfululizo au pungufu, ukaguzi unakazwa na idadi ya mbovu zinazovumiliwa inashuka. Haulegezwi mpaka mizigo mitano ifuatane ikipokelewa chini ya masharti hayo makali.